Mfuko wa dawa unaozunguka unapoyeyuka: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Mfuko wa dawa unaozunguka huanza na mtaji unaotolewa mara moja tu. Mtaji huo hununua dawa, dawa huuzwa kwa bei yenye nyongeza, na fedha zinazopatikana hununua dawa nyingine. Utaratibu huu ulienea katika vituo vya afya vya Afrika baada ya mawaziri wa afya kukutana Bamako, Mali, mwaka 1987. Kwa wanaoendesha famasi za hospitali kwa namna hii, tatizo linalojirudia ni moja: mfuko hauibiwi kwa siku moja, bali hupungua kidogo kila mzunguko, na kupungua huko hakuonekani katika taarifa ya mauzo. Mwongozo huu unafuata dalili ambazo wafamasia na wahasibu huzilalamikia mara kwa mara, na katika kila dalili unaanza na sababu ya kawaida zaidi.

Kabla ya dalili yoyote, pima mfuko wenyewe. Hesabu stoo na dirisha la dawa siku moja, kisha andika:

```
Thamani ya mfuko = dawa zinazofaa (kwa bei ya kununulia)
                 + fedha taslimu na za benki
                 + madai yanayolipika
                 - madeni ya mfuko
```

Nitatumia mfano wa famasi ya hospitali ya wilaya niliyowahi kuisimamia, kwa hesabu zilizosawazishwa ili zifuatike kwa urahisi. Mfuko ulianza na shilingi 20,000,000. Baada ya miaka miwili stoo na dirisha vilikuwa na dawa za shilingi 9,400,000, benki kulikuwa na 2,100,000, madai ya bima yaliyokuwa na matumaini ya kulipwa yalikuwa 4,000,000, na mfuko wenyewe ulidaiwa 1,500,000. Jumla ni 14,000,000. Shilingi milioni sita zilikuwa zimetoweka, ilhali katika miezi yote 24 taarifa ya mapato ilikuwa imeonyesha faida.

Dalili ya kwanza: vitabu vinaonyesha faida, lakini fedha hazitoshi kulipia oda inayofuata

Sababu ya kwanza, nayo ndiyo ya kawaida kuliko zote, ni kwamba nyongeza ya bei ilipangwa kwa mazoea. Mtu husema "tunaweka asilimia 20" kwa sababu aliyemtangulia aliweka asilimia 20. Chukua bei ya Bohari ya Dawa, msambazaji wa serikali, kama bei ya msingi, kisha ujiulize nini hutokea kwa kila dawa za shilingi 100 zinazoingia stoo. Katika famasi ile, dawa za shilingi 4 zilichina kabla ya kuuzwa, za shilingi 1 zilivunjika, zilimwagika au zilipungua bila maelezo, na za shilingi 5 zilitolewa kwa msamaha. Zilizouzwa kwa fedha au kwa bima zilikuwa za shilingi 90 tu.

Sasa angalia upande wa matumizi. Ili kurudisha dawa zile zile rafuni, mfuko ulihitaji shilingi 100 za bei ya msingi, shilingi 5 za usafiri, shilingi 4 za uendeshaji kama vile bahasha za dawa, leja na posho ya kuhesabu stoo, na shilingi 3 za tofauti ya bei pale Bohari ilipokosa dawa ikabidi inunuliwe kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa. Jumla ni 112. Kwa hiyo dawa za shilingi 90 zinapaswa kuleta shilingi 112:

```
112 / 90 = 1.244, yaani nyongeza ya asilimia 24.4
```

Wengi hukosea hapa kwa kujumlisha asilimia zote, 4 na 1 na 5 na 5 na 4 na 3, wakapata 22 na kuamini wamemaliza. Kujumlisha kunasahau kwamba dawa zilizochina na zilizosamehewa hazibebi nyongeza yoyote, kwa hiyo mzigo wake lazima ubebwe na zile chache zilizouzwa. Hasara ya dawa hugawanya. Gharama za fedha ndizo zinazojumlishwa.

Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi lakini ni kubwa kwenye akaunti. Famasi ile ilikuwa ikinunua dawa za shilingi 6,000,000 kwa mwezi. Zilizouzwa zilikuwa za 5,400,000, na kwa nyongeza ya asilimia 20 zilileta 6,480,000. Mzunguko uliofuata ulihitaji 6,720,000. Pengo lilikuwa shilingi 240,000 kila mwezi, yaani 5,760,000 kwa miaka miwili. Karibu milioni sita zote zilizopotea zimo humo, bila mwizi hata mmoja. Kidogo kilichobaki kilitokana na madai ya bima yaliyokataliwa.

Kabla ya kupandisha bei, hata hivyo, kagua misamaha. Katika sera ya afya ya Tanzania, wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza hawalipii huduma katika vituo vya umma, na haki hiyo haipaswi kuguswa. Swali ni nani anaurudishia mfuko thamani ya dawa hizo. Kama hospitali ingekuwa inaulipa mfuko kwa dawa za msamaha kutoka kifungu kingine cha bajeti, hesabu ingekuwa 112 kugawanya kwa 95, yaani nyongeza ya asilimia 18 hivi. Asilimia 20 ileile iliyoumaliza mfuko ingetosha na kubakiza. Ndiyo maana nashauri rekodi ya misamaha ijazwe kila siku, kwa jina la dawa, idadi na thamani, na ipelekwe kwa mganga mfawidhi kila mwezi kama ankara. Bila ankara hiyo mzigo unamwangukia mgonjwa anayelipa, ambaye mara nyingi naye ni maskini.

Sababu ya pili ni kuchanganya nyongeza juu ya bei ya kununulia na sehemu ya faida ndani ya bei ya kuuzia. Dawa iliyonunuliwa kwa shilingi 1,000 na kuuzwa kwa 1,250 ina nyongeza ya asilimia 25, lakini katika zile 1,250 ziada ni asilimia 20 tu. Mhasibu anayechukua asilimia 25 ya mauzo na kuiita faida, kisha kuiruhusu ilipie mafuta ya gari la hospitali, anachota mtaji. Kwa mauzo ya 6,750,000 ya mwezi, kosa hilo peke yake ni shilingi 337,500. Tena hata ile asilimia 20 si faida, kwa sababu ndani yake mna usafiri na dawa zitakazochina.

Sababu ya tatu ni bei za bima. Pale ambapo mfuko wa bima ndio unaopanga bei ya kulipa, nyongeza yako haina nguvu. Weka orodha ya dawa zako mbele yako, linganisha bei ya kununulia, usafiri ukiwemo, na bei inayolipwa na bima, na uzungushie duara kila dawa ambayo bima hulipa chini ya gharama. Usiache kuzitoa, tafuta chanzo chake cha bei nafuu, na ujue mapema hasara yake ni kiasi gani ili iingie kwenye hesabu.

Marekebisho yetu yalikuwa nyongeza ya wastani wa asilimia 25, iliyoidhinishwa na kamati ya hospitali. Nasisitiza neno wastani. Dawa ya shilingi 60,000 ikiongezwa asilimia 25 inamwongezea mgonjwa shilingi 15,000, na huenda akaondoka bila dawa. Unaweza kuweka asilimia 20 kwenye dawa za gharama kubwa na asilimia 35 kwenye zile za bei ndogo zinazotoka haraka, mradi uhakikishe wastani kwa thamani ya manunuzi. Kama milioni 4 za manunuzi zinabeba asilimia 20 na milioni 2 zinabeba asilimia 35, nyongeza ni 800,000 na 700,000, jumla 1,500,000, ambayo ni asilimia 25 ya milioni 6.

Simama hapa ukiona thamani ya mfuko imeshuka chini ya theluthi mbili ya mtaji wa mwanzo. Kwa hali hiyo kupandisha bei hakutoshi, kwa kuwa mtaji uliobaki hauwezi kujaza rafu hata dawa zote zikiuzwa. Mwite mkaguzi wa ndani, na uombe mtaji wa nyongeza ukiwa na hesabu ya sababu mkononi.

Dalili ya pili: rafu zimejaa, lakini wagonjwa wanaandikiwa dawa za kwenda kununua nje

Anza na jambo jepesi: tazama kadi ya stoo ya dawa inayokosekana na uhesabu siku ambazo salio lilikuwa sifuri. Sababu ya kawaida ni kwamba wastani wa matumizi ya mwezi ulihesabiwa kana kwamba dawa ilikuwepo muda wote.

Tuseme amoksilini kapsuli zilizotolewa kwa miezi sita ni 9,600. Ukigawanya kwa 6 unapata 1,600 kwa mwezi, nawe unaagiza kwa kufuata idadi hiyo. Lakini kadi inaonyesha kwamba katika siku 183 za kipindi hicho, dawa haikuwepo kwa siku 61. Matumizi ya kweli ni haya:

```
9,600 / (183 - 61) x 30.5 = 2,400 kwa mwezi
```

Kila ukiagiza kwa 1,600 dawa itaisha mapema, siku za sifuri zitaongezeka, na wastani unaofuata utashuka zaidi. Fedha ambazo hazikununua amoksilini huenda kwenye dawa ambazo hazikuwahi kuisha, yaani zile zinazotoka polepole, na hivyo rafu hujaa vitu visivyotakiwa.

Baada ya kusahihisha wastani, panga kiwango cha juu. Kama mzigo huchukua mwezi mmoja kufika, unaagiza kila miezi miwili na unaweka akiba ya tahadhari ya mwezi mmoja, kiwango cha juu ni miezi minne, yaani kapsuli 9,600. Ukiwa na kapsuli 1,300 stoo na hakuna mzigo ulio njiani, agiza 8,300. Mzigo ulio njiani ukisahauliwa utaagiza mara mbili, na ziada hiyo utakutana nayo katika dalili ya tatu.

Sababu inayofuata ni fedha kutotosha na oda kukatwa kwa usawa. Mtu ana milioni 6, oda ni ya milioni 8, basi anapunguza robo kwenye kila dawa. Matokeo yake ni kwamba dawa za kuokoa maisha na vitamini vinakatwa sawa. Gawa orodha yako mapema katika makundi matatu: zile ambazo zikikosekana mgonjwa anaweza kufa, zile za lazima kwa magonjwa ya kawaida, na zile zinazoweza kusubiri. Jaza kundi la kwanza hadi kiwango cha juu, kisha la pili, na la tatu lipate kilichobaki, hata kama ni sifuri.

Kama wastani ni sahihi, oda ni sahihi na bado dawa haifiki, tatizo liko kwa anayekuuzia, na hapo kwa kituo cha umma njia ni kupata taarifa ya Bohari kwamba dawa haipo, kisha kununua kwa mshitiri wa mkoa. Usinunue kwa mtu asiye na kibali cha kuuza dawa kwa sababu tu ana bei nzuri.

Dalili ya tatu: kila robo mwaka kuna maboksi ya dawa zilizochina

Nenda stoo kabla ya kufungua leja. Katika famasi ile nilivuta boksi la tatu kutoka nyuma ya rafu ya dawa za sindano na kukuta vumbi limeushika ukingo wote wa juu, isipokuwa pale vidole vyangu vilipogusa. Lilikuwa limebakiwa na wiki tano. Mbele yake yalikuwa maboksi mapya ya dawa ileile yenye miezi 20, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakitolewa kila siku kwa sababu yako karibu na mkono. Hii ndiyo sababu ya kwanza: mzigo mpya unawekwa mbele ya wa zamani. Kanuni ni kwamba inayowahi kuchina itoke kwanza, hata kama imeingia stoo jana. Andika mwezi na mwaka wa kuchina kwa kalamu nene upande wa boksi unaotazama nje. Kumbuka kwamba dawa iliyoandikwa mwezi na mwaka bila siku inatumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Nimeona dawa nzuri zikitolewa rafuni tarehe 1.

Sababu ya pili ni kununua au kupokea kuliko matumizi. Kipimo chake ni rahisi: zidisha wastani wa mwezi kwa miezi iliyobaki kabla ya kuchina. Ukiwa na chupa 1,500, matumizi ni 100 kwa mwezi na imebaki miezi 9, utatumia 900, na chupa 600 zitachina. Kinachofaa ni kulijua hilo leo, kwa sababu dawa yenye miezi 9 kituo jirani kitaipokea kwa shukrani, lakini yenye wiki sita hakuna anayeitaka. Uhamisho ufanyike kwa hati ya kutolea, kwa idhini ya mganga mkuu wa wilaya, na thamani yake irudi kwenye mfuko ama kwa fedha ama kwa dawa nyingine. Pima hivyo pia siku ya kupokea mzigo, kabla ya kusaini hati ya mapokezi, misaada ikiwemo. Msaada wa bure unaochina stoo kwako unaleta gharama ya kuuteketeza.

Sababu ya tatu ni mabadiliko ya mwongozo wa matibabu au daktari kuhama. Dawa iliyokuwa ikiandikwa na daktari mmoja tu hukwama siku anapoondoka. Kuzungumza na madaktari katika kamati ya dawa na tiba kila mwezi, ukiwa na orodha ya dawa zenye miezi sita au chini, huokoa nyingi.

Kisha kuna dawa ambazo kuchina kwake ni sehemu ya kazi yake. Dawa ya kukinza sumu ya nyoka na sindano za dharura kama adrenalini lazima ziwepo hata kama mwaka mzima haziguswi. Kuchina kwa dawa ya namna hii hakumaanishi uzembe, na hasara yake isiingizwe kwenye asilimia 4 ya mfuko. Iombee kifungu chake katika bajeti ya hospitali. Ukiificha ndani ya nyongeza, mgonjwa wa malaria ndiye atakayemlipia wa nyoka ambaye huenda hatafika.

Posho ya hasara ya kuchina iandikwe kwenye bajeti kama kiasi kinachojitegemea. Katika mfano wetu asilimia 4 ya milioni 6 ni shilingi 240,000 kwa mwezi, 2,880,000 kwa mwaka. Hasara haiji sawa kila mwezi: robo moja inaweza kupita bila boksi hata moja kuchina, na inayofuata ikachina ya milioni. Mwezi usio na hasara kiasi hicho kisitumiwe kama ziada. Kila robo mwaka linganisha posho na thamani halisi iliyochina. Ikizidi kwa robo mbili mfululizo, rudi kwenye sababu tatu za juu kwanza. Kupandisha posho kabla ya hapo ni kumtoza mgonjwa makosa ya stoo.

Simama usiteketeze dawa zilizochina mwenyewe, iwe kwa kuzichoma shimoni au kuzimwaga chooni. Zitenge kwenye chumba au kabati linalofungwa, ziandikie orodha yenye jina, idadi, namba ya toleo na thamani, na uombe kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo husimamia uteketezaji. Hazifutwi kwenye leja kabla ya kibali.

Dalili ya nne: mauzo ni mazuri, nyongeza ni sahihi, hasara ni ndogo, lakini benki hakuna kitu

Sababu ya kawaida ni madai ya bima. Dawa imetoka, fedha haijaja. Tenga madai kwa umri: ya chini ya miezi mitatu, ya miezi mitatu hadi sita, na ya zaidi. Yaliyokataliwa yaondoe kwenye thamani ya mfuko siku hiyohiyo, kisha usome sababu za kukataliwa. Mara nyingi ni cheti kisicho na saini ya daktari au idadi ya dozi isiyolingana, na hayo hurekebishwa dirishani bila kungoja mwisho wa mwezi.

Ya pili ni mikopo ya ndani: mfuko umelipia mafuta, umeme au semina "kwa muda". Akaunti ya mfuko ikichanganywa na nyingine, hakuna hesabu katika mwongozo huu itakayokuwa na maana. Omba barua ya kila mkopo yenye tarehe ya kurudisha.

Ya tatu ni upotevu dirishani. Chagua dawa tano zinazotoka sana, hesabu asubuhi, hesabu jioni, na ulinganishe na vyeti vya siku hiyo, kwa wiki moja. Tofauti ndogo za kwenda juu na chini ni makosa ya kuhesabu. Tofauti inayopungua siku zote, kwa dawa ileile, katika zamu ileile, ni jambo jingine. Hapo usimhoji mtu wala kumtuhumu, na usirekebishe salio la leja. Funga hesabu mbele ya mashahidi wawili, saini, na umkabidhi mkaguzi.

Kwa mofini, pethidini na dawa nyingine za kulevya zinazodhibitiwa, kipimo cha wiki moja hakitumiki. Daftari lake likipishana na kabati kwa ampuli moja, kazi ya kutafuta sababu si yako peke yako: funga kabati, andika saa na idadi, na umpe taarifa mfamasia wa wilaya siku hiyohiyo.